Mwenye Nyumba Akitaka Kuingia Ndani

Wapangaji wengi wa mjini ninaowafahamu wana hadithi inayofanana. Umetoka kazini umechoka, unafungua mlango, unakuta viatu vya mtu sebuleni. Mwenye nyumba yumo. "Nimepita tu kuangalia nyumba yangu, mwanangu." Nyumba ni yake, hilo hakuna anayebisha. Lakini kitanda ambacho hakijatandikwa ni chenu, na nguo za ndani zilizoanikwa bafuni ni zenu pia.

Kwa mama mdogo wangu, Kijitonyama, mchezo huo ulikaribia kumkosesha wapangaji wazuri. Ana nyumba ya ghorofa moja. Juu wanakaa mtu na mkewe, vijana, wote wafanyakazi. Mwaka jana mke alirudi mchana akamkuta mama mdogo chumbani kwao na fundi bomba, wamefungua kwa ufunguo wa akiba. Jioni ile mume alipiga simu, kwa adabu zote: "Mama, kodi ikiisha tutahama."

Sasa, mama mdogo hakuwa mmbeya. Dari ya mpangaji wa chini ilikuwa na doa la kahawia lenye duara pembeni, kila wiki linapanuka. Maji yalikuwa yanatoka bafu la juu, polepole, huenda kwa miezi. Alikuwa na kila sababu ya kuangalia. Alichokosa ni karatasi moja tu, na mwaka huu aliniomba nimsaidie kuiandika.

Kabla ya kuandika tulitazama sheria. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, iliyotungwa mwaka 1999, inazungumzia pande zote mbili katika kifungu cha 88. Mpangaji anayelipa kodi na kufuata masharti ana haki ya kukaa kwa utulivu bila kuingiliwa na mwenye nyumba. Hapo hapo, mwenye nyumba au wakala wake anaruhusiwa kuingia kwa wakati unaofaa ili kukagua hali ya jengo, mradi asivuruge makazi ya mpangaji pasipo sababu. Saa hazikutajwa. Zile "saa 24" mnazoziona kwenye mikataba ya kunakili zinatoka kwenye sheria ya Uingereza ya mwaka 1985. Kwetu kama mkataba wenu haukutaja siku, ni busara yenu ndiyo itakayotaja. Sisi tulitoa siku kumi.

Barua ilitoka hivi:

"Wapendwa wapangaji wangu,

Naomba kufanya ukaguzi wa kawaida wa nyumba, kama nitakavyofanya kila baada ya miezi sita. Sababu ni masika yanayokaribia, na uvujaji uliotokea mwaka jana. Tutaangalia mabomba ya jikoni na bafuni, tangi la choo, dari za vyumba vyote, madirisha, na swichi kuu ya umeme. Makabati, droo na vitu vyenu binafsi havitaguswa.

Naomba mchague siku moja kati ya Jumamosi tarehe 7 na Jumapili tarehe 15 Februari, kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Itachukua kama dakika 40. Nitakuja mimi na fundi mmoja. Mmoja wenu awepo. Sitatumia ufunguo wa akiba. Picha zitapigwa za sehemu yenye hitilafu tu, nanyi mtaziona.

Kama siku hizo zote hazifai, nipeni nyingine mbili. Naomba jibu kwa ujumbe wa simu kabla ya tarehe 4."

Mama mdogo alilalamika kuwa ndefu. "Kwani naomba viza?" Lakini kila mstari una kazi yake. Ule wa sababu ndio uliotuchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu yeye alitaka kuandika "kukagua nyumba" basi. Ukisema hivyo, mpangaji anajiuliza unakagua nini: usafi wake? Wageni wake? Kama ameongeza mdogo wake chumba cha pili? Ukitaja dari na tangi la choo, umeshajifunga. Fundi akianza kuchungulia kabati, kila mtu anajua ametoka nje ya barua. Na kama nia halisi ni kumwonyesha mpangaji mpya nyumba, au kudai kodi, hiyo ni safari nyingine yenye barua yake. Msikubali ichomekwe humo.

Chumbani tulibishana pia. Je, tuseme hatutaingia kabisa? Haiwezekani, dari ya chumbani nayo huvuja, tena huko ndiko doa hukaa muda mrefu bila kuonekana kwa sababu ya kabati. Kwa hiyo tuliwaachia nafasi ya kujiandaa. Siku kumi zinatosha kutandika kitanda, kufungia vyeti na dawa, na kusogeza kile ambacho hamtaki mama mwenye nyumba akione. (Mnakijua.)

Suala la kipindi badala ya siku moja linasaidia wanandoa wanaofanya kazi zamu tofauti. Wale vijana walijibu siku ya pili: Jumapili tarehe 8, saa 5, baada ya kanisa. Mke aliongeza, "Tarehe 14 hapana mama, hiyo siku yetu." Mama mdogo alicheka peke yake.

Siku yenyewe nilikwenda nikabaki sebuleni na mume. Fundi alianza na mita ya maji: wakafunga bomba zote, wakaangalia kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka wakati bomba zote zimefungwa, kuna maji yanapotea mahali. Kilikuwa kinazunguka, polepole sana. Akaenda chooni, akatia bluu ya kufulia ndani ya tangi, akaomba mtu asivute maji kwa nusu saa. Walipoangalia, bakuli lilikuwa la bluu: valvu ya tangi haizibi. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, maana imechakaa kwa umri. Walipofunga maji ya choo peke yake, kigurudumu kikasimama, kwa hiyo bomba la bafu lililotengenezwa mwaka jana lilikuwa salama. Chumbani walikaa dakika mbili, mke akiwa mlangoni, macho yote juu darini.

Mabishano yalikuja jikoni. Soketi ya jiko la umeme ilikuwa imebadilika rangi, nyeusi pembeni, na ina harufu ya plastiki iliyoungua. Mama mdogo akasema wapangaji wamechomeka vitu vingi. Mume akasema waliikuta hivyo. Hakuna picha ya siku waliyohamia, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuthibitisha. Wakagawana gharama ya fundi umeme, na soketi haitumiki mpaka ibadilishwe. Nyinyi mnaohamia mwezi huu, pigeni picha soketi zote kabla ya kupanga makochi.

Kuna wakati barua haina nafasi. Bomba likipasuka hampo na maji yanashuka kwa jirani, au moshi unatoka dirishani, mwenye nyumba aingie, apige simu papo hapo, na aache kila kitu kingine kilivyo. Doa darini linalokua kila wiki halimo kwenye kundi hilo. Linasubiri siku mbili tatu bila shida.

Jioni ile mama mdogo aliwatumia ujumbe: valvu inabadilishwa Jumamosi, fundi yule yule, saa 4, itafaa? Mke akajibu itafaa. Kodi yao inaisha Juni, na habari ya kuhama sijaisikia tena.