Mhadhara mmoja, kadi tisa: namna ya kuzipanga sauti za Kiswahili

Katika somo la fonetiki, mhadhara wa vikwamizo hujaza ubao upesi. Mhadhiri anataja sauti tisa za Kiswahili ambazo hewa hubanwa kwenye upenyo mwembamba, ikapita kwa kukwaruza: zile tunazoziandika f, v, th, dh, s, z, sh, gh na h. Kwa kila moja huandika alama, hueleza inatamkiwa wapi, hutoa neno moja la mfano, kisha husonga mbele. Wiki ya mtihani mwanafunzi hufungua daftari akakuta maneno kama "kikwamizo sighuna cha meno". Anaweza kuyakariri vizuri kabisa bila kujua ulimi wake ulitakiwa uwe wapi.

Kadi za sauti huondoa tatizo hilo, mradi zimetengenezwa ili kinywa kitoe jibu, badala ya jicho kusoma tu.

Kazi huanza upande wa mbele wa kadi, na hapo ndipo wengi hupotea. Maandishi ya Kiswahili yana utaratibu mzuri hata tumezoea kuamini kwamba herufi ni sauti. Ukitengeneza kadi kwa kufuata herufi, th itakushinda mara moja, kwa kuwa ni herufi mbili zinazosimamia sauti moja. Kwa hiyo mbele ya kadi huandikwa alama ya kifonetiki, ndani ya mabano ya mraba. Alama hizo zilianzishwa na chama cha walimu wa lugha kilichoundwa Paris mwaka 1886, Paul Passy akiwa miongoni mwa viongozi wake, na msingi wake ni kwamba kila sauti iwe na alama yake. Katika vikwamizo vyetu, [f], [v], [s], [z] na [h] zinafanana na herufi tunazozijua. Zinazohitaji kujifunzwa upya ni nne: [θ] kwa th, [ð] kwa dh, [ʃ] kwa sh na [ɣ] kwa gh. Jihadhari pia na alama zenye sura ya kawaida zitakazokuja kwenye mihadhara mingine: [j] ni sauti inayoanza neno "yai", wala si ile inayoanza "jina".

Upande wa nyuma hujibu maswali matatu, kwa mpangilio uleule kila mara. Je, nyuzi za sauti zinatetemeka? Ala gani zinakaribiana? Hewa inapitaje? Mpangilio usibadilike, kwa sababu ndio utakaokuwezesha kulinganisha kadi moja na nyingine. Kisha chini ya maelezo ya kitaalamu andika agizo ambalo mtu yeyote anaweza kulitekeleza. Tuchukue [θ]. Maelezo ya mhadhiri yatakuwa: sighuna, meno, kikwamizo. Agizo litakuwa: weka ncha ya ulimi kwenye makali ya meno ya juu bila kubana, sukuma hewa ipite kati ya ulimi na meno, koo lisitetemeke.

Baada ya hapo hufuata maneno ya mfano, na haya yachaguliwe kwa makini. Neno moja la mhadhiri halitoshi. Tafuta moja lenye sauti hiyo mwanzoni na jingine lenye sauti hiyo katikati: "thamani" na "methali". Mwisho wa neno usiuhangaikie, maana maneno ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Neno la tatu ndilo lenye kazi kubwa kuliko yote: liwe linatofautiana na mojawapo ya mifano yako kwa sauti hiyo moja tu. "Thamani" ya mali na "samani" za sebuleni hutenganishwa na [θ] na [s]. "Thamini" na "dhamini" hutenganishwa na mtetemo wa nyuzi za sauti peke yake. Jozi kama hizi huthibitisha kwamba tofauti iliyo kwenye kadi inabadilisha maana, na hukufichulia kinywa chako kinapokudanganya.

Kinywa hudanganya kweli. Wazungumzaji wengi hutamka dh kama z, th kama s na gh kama g, na mtu anaweza kuandika maelezo sahihi kabisa ya [ð] huku akitamka [z] kila anapoisoma kadi. Ndiyo maana kila kadi inahitaji mstari wa mwisho: kipimo. Kwa [ð] na [θ] kipimo ni kioo: ukitamka "dhahabu" mbele yake, ncha ya ulimi inapaswa kuonekana kwenye meno, usipoiona, umetamka "zahabu". Kwa ghuna na sighuna, weka vidole kooni, uvute [sss] kisha [zzz] bila kukata pumzi. Ya pili utaisikia ikitetemeka chini ya vidole. Kwa [ɣ] kipimo ni muda. Kikwamizo huweza kuvutwa kadiri pumzi inavyoruhusu, lakini [g] ni kipasuo, nacho hukatika. Tamka "ghali" ukijaribu kurefusha mwanzo wake. Ikiwa sauti inakwama, kinywa chako kimesema "gali".

Zikikamilika zote tisa, zitandaze mezani zikitazama juu. Zipange kutoka midomoni kwenda kooni: [f] na [v], [θ] na [ð], [s] na [z], kisha [ʃ], [ɣ] na [h]. Weka sighuna safu ya juu na ghuna safu ya chini. Hapo utaona jambo ambalo daftari halikuonyeshi: jozi tatu za mbele zimetimia, lakini [ʃ] haina mwenzake ghuna, na [ɣ] haina mwenzake sighuna. Pengo lililo juu ya [ɣ] lina alama yake, [x], nayo husikika kwa wasemaji wanaotamka "kheri" kwa kufuata Kiarabu, pale ambapo wengi husema "heri".

Mhadhara wa vipasuo ukifika, utaratibu huuhuu utakuzalishia kadi nyingi kuliko herufi. Kwa wasemaji wengi wa pwani, "paa" la nyumba huanza kwa [p] ya kawaida, ilhali "paa" mnyama huanza kwa [pʰ], yenye mpumuo. Ndivyo ilivyo pia kwa "kaa" la moto na "kaa" wa baharini. Kipimo chake ni kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo: kwenye [pʰ] kitaruka, kwenye [p] kitatikisika kidogo tu. Lakini wasemaji wengi wa bara hutamka maneno hayo mawili sawasawa, na kadi yao ya [pʰ] itakosa jozi. Kwa hiyo kwenye pembe ya kila kadi andika matamshi hayo ni ya wapi. Bila hivyo, mwanafunzi wa bara na mwenzake wa pwani wataisoma kadi moja, wapate majibu mawili, na kila mmoja adhani mwenzake amekosea.