Jinsi Mshumaa wa Dakika Moja Unavyotengenezwa

Mishumaa ya kijani na nyekundu unayoiona kwenye chati ya bitikoini hutengenezwa kutokana na miamala. Kila mtu anaponunua na mwingine akauza, mtambo wa soko unaandika namba ya muamala, bei, kiasi na wakati. Mshumaa hutengenezwa baadaye, kwa kukata muda vipande vilivyo sawa na kukusanya miamala ya kila kipande.

Tuchukue mfano wa kubuni wa dakika inayoanza 09:00, bei zikiwa za dola. Muamala wa kwanza ulifanyika 09:00:03 kwa 60,010, kiasi 0.5. Ukafuata wa 09:00:21 kwa 60,040, kiasi 0.2, kisha 09:00:47 kwa 59,990, kiasi 1.0, na wa mwisho 09:00:59.800 kwa 60,005, kiasi 0.1. Bei ya kufungua ni ya muamala wa kwanza, 60,010, na ya kufunga ni ya mwisho, 60,005. Ya juu kabisa ni 60,040, ya chini kabisa 59,990, na jumla ya kiasi ni 1.8. Kwa kuwa bei imefunga chini ya ilipofungua, mshumaa ni mwekundu.

Sasa kuna muamala mwingine, uliofanyika 09:01:00.000 kamili kwa 60,050. Huo ni wa dakika ipi? Kanuni inayotumika sana ni kwamba dakika inajumuisha mwanzo wake na haijumuishi mwisho wake, kwa hiyo muamala huu unafungua mshumaa wa 09:01. Ukikosea ukauweka kwenye mshumaa wa 09:00, bei ya juu na ya kufunga zote zinakuwa 60,050, na mshumaa uliokuwa mwekundu unageuka kijani. Muamala mmoja tu umebadilisha habari ya dakika nzima, na ya dakika inayofuata pia, kwani nayo imepoteza bei yake ya kufungua.

Kwa kompyuta, kupata mwanzo wa dakika ni hesabu fupi. Ikiwa `ts` ni wakati uliohesabiwa kwa milisekunde:

```python
mwanzo = ts - ts % 60000
```

Angalia kipimo cha wakati kabla ya kuiendesha. Soko la Binance, kwa mfano, hutoa faili za miamala bure, na tangu tarehe 1 Januari 2025 faili za soko lake la papo kwa papo zinaandika wakati kwa mikrosekunde, ilhali za zamani zilitumia milisekunde. Ukiacha 60000 ileile, utapata mishumaa ya milisekunde 60 badala ya ya dakika, na kompyuta haitakuambia kuwa kuna kosa. Dalili yake ni wingi wa mishumaa: siku moja haiwezi kuwa na zaidi ya mishumaa 1,440 ya dakika.

Mpangilio nao una uzito. Miamala mingi hutokea ndani ya milisekunde moja, hivyo kuipanga kwa wakati peke yake hakutoshi kujua upi ulikuwa wa mwisho. Ipange kwa namba ya muamala, na ufute namba zinazojirudia, maana mtandao ukikatika na kuunganishwa tena, baadhi ya miamala inaweza kupokelewa mara mbili na kukuza kiasi.

Kuna pia dakika ambazo hakuna aliyenunua. Hilo ni jambo la kawaida kwenye hisa zisizouzwa sana. Njia ya haki ni kuiacha dakika hiyo wazi, au kurudia bei ya kufunga ya dakika iliyotangulia katika nafasi zote nne na kuandika kiasi sifuri. Usiijaze kamwe kwa bei ya dakika inayofuata, kwa sababu wakati ule bei hiyo haikuwa imejulikana.

Mtego kama huo umo kwenye jina la mshumaa wenyewe. Mshumaa ulioandikwa 09:00 haujulikani bei yake ya kufunga hadi 09:01 ifike. Anayejaribu mbinu yake ya biashara kwa data za zamani, akanunua saa 09:00 kwa kutazama bei ya kufunga ya mshumaa huo, ametumia habari za baadaye, na faida anayoiona kwenye karatasi hataipata sokoni.

Kwa mishumaa ya siku, amua kwanza siku inaanzia wapi. Binance huanza siku saa 00:00 za UTC, ambazo kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa usiku. Ukikata siku saa sita usiku kwa saa zetu, mshumaa wako utatofautiana na wao hata kama miamala ni ileile.

Ukimaliza kutengeneza mishumaa yako, chukua ya siku moja uilinganishe na ile iliyotolewa na soko lenyewe, dakika kwa dakika. Zikitofautiana, anza kuchunguza miamala iliyo mpakani mwa dakika.