Barua Imefika, Wijeti Bado Inaonyesha ya Zamani

Saa tano kamili arifa inalia: risiti ya benki imeingia. Unatazama wijeti ya barua pepe kwenye skrini ya mwanzo, na ya juu kabisa bado ni barua ya saa nne unusu. Ukifungua programu yenyewe, risiti ipo.

Kwenye simu za Android, wijeti si programu iliyofunguliwa. Ni picha ambayo programu iliichora, ikaikabidhi skrini ya mwanzo, kisha ikalala. Ratiba ya kawaida ya kuichora upya haishuki chini ya dakika 30, kwa sababu kila mara simu hulazimika kuiamsha programu, na betri ndiyo inayoumia. Programu iliyoandikwa vizuri huichora pia pale barua inapoingia, nyingine hazijisumbui.

Arifa ikifika huku wijeti imebaki nyuma, ujue barua imepokelewa ila picha haijachorwa upya. Lakini arifa nayo ikingoja mpaka ufungue programu, basi simu imeizuia kufanya kazi chinichini. Hapo ingia kwenye mipangilio ya betri ya programu hiyo, uiondolee kizuizi.