Fuata ubao wa matokeo

Una rekodi ya mechi ya saa mbili na unataka muhtasari wa dakika tatu. Usiitazame yote. Anza na ubao mdogo wa matokeo pembeni mwa kioo.

Tuseme kipindi cha kwanza kiliisha 1-0. Ruka hadi katikati ya kipindi: ubao ukisoma 0-0, goli liko mbele, ukisoma 1-0, liko nyuma. Endelea kugawa nusu kwa nusu. Mara sita tu, dakika 45 zinabaki chini ya moja.

Hapo ndipo wengi hukosea. Ubao hubadilika baada ya mpira kuingia wavuni, wakati mwingine wachezaji wakiwa tayari wanakumbatiana. Ukikata pale, umepata shangwe bila goli. Rudi nyuma hadi pasi iliyofungua shambulizi. Mimi huacha sekunde 15 hivi.

Halafu huja marudio. Mara nyingi nembo hupita kioo kizima, ubao hupotea, kisha nembo hurudi. Chukua rudio moja, lile la pembe inayoonyesha vizuri, na ukate nembo ikiwa imefunika picha yote, mshono usionekane. Ukiacha yote matatu, mtazamaji atadhani yamefungwa manne.

Ila ubao haujui kila kitu. Penalti iliyookolewa haiubadilishi, na goli lililofutwa na VAR huweza kuonekana kisha likatoweka. Hayo yatafute kwa sikio: sauti ya mtangazaji inapopanda ghafla, simamisha uangalie.