Dola 460 kwa mwezi: kabla ya kuweka sini, hesabu mpaka mwisho

Mwezi uliopita wachimbaji wanne wa Bogoro walikuja kutuonyesha kontra kwenye meza ya sendika. Walikuwa wamechoka kulipia gari ya watu kila wakati ili kupeleka mizigo Bunia na kupandisha samaki kutoka Kasenyi. Wakatafuta pikapu yao. Kampuni moja ikawaambia: "Mlete akonti, kisha dola 460 kila mwezi, miaka 3, gari ni yenu." Maneno matamu. Karatasi ilikuwa na kurasa 11, za Kifaransa, na walipewa siku mbili za kuweka sini.

Aliyetuamsha ni mke wa mmoja wao, anayeuza samaki. Aliuliza swali moja tu: "Tukijumlisha zote, hiyo gari inatoka bei gani?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukachukua karatasi na kalamu.

Kwanza mjue kontra hii ni ya aina gani. Inaitwa kredi-bayi, na hapa Kongo iko na sheria yake ya tarehe 12 Februari 2015. Kampuni inanunua gari, gari inabaki kwa jina lake, wewe unaitumia na kulipa kama mpangaji wa nyumba. Mwishoni unaweza kuinunua kwa bei iliyoandikwa tangu mwanzo. Kabla ya hapo, hata ukiwa umelipa miezi 35, gari si yako. Huwezi kuiuza wala kuiweka rehani.

Sasa hesabu. Pikapu ile, kwa kulipa taslimu, ilikuwa dola 18.000. Kontra ilisema hivi: akonti 3.600, faili 300, kila mwezi 460 kwa miezi 36, na malipo ya mwisho 5.400. Miezi 36 mara 460 ni 16.560. Ukiongeza 3.600, 300 na 5.400, unapata dola 25.860. Ni 7.860 zaidi ya bei ya taslimu, na hapo bima bado haijahesabiwa. Ile 5.400 hakuna aliyeitaja kwa mdomo. Ilikuwa ukurasa wa 7, katika mstari uliosema "bei ya kununua mwishoni".

Tuanze na akonti. Neno moja linaweza kuficha vitu viwili. Akonti inaweza kuwa malipo ya kwanza: inakatwa kwenye bei, na deni linaanzia 14.400. Au inaweza kuwa garanti: kampuni inaiweka, deni linaanzia 18.000 nzima, na pesa yako inapaswa kurudi mwishoni. Kama ni garanti, lazima iandikwe inarudi lini na inaweza kukatwa kwa sababu gani. Kontra yetu ilisema malipo ya kwanza, kwa hiyo hairudi. Ilikuwa sawa, lakini wale wandugu walidhani ni garanti. Wangeshangaa baadaye.

Halafu ile 5.400 ya mwisho. Kampuni inasema inakusaidia, maana inapunguza malipo ya kila mwezi. Ni kweli. Kwa faida ileile ya karibu 2 % kwa mwezi, bila malipo makubwa ya mwisho wangelipa kama 565 kila mwezi, si 460. Lakini angalia: 105 unazobakiza kila mwezi, mara 36, ni 3.780. Kisha mwishoni unatoa 5.400. Umepoteza 1.620. Sababu yake ni nyepesi. Ile 5.400 ni deni ambalo haligusiwi miaka 3 yote, na kila mwezi linazaa faida, kama dola 108. Na siku ikifika, unatakiwa kutoa 5.400 kwa mara moja. Nani kati yetu anajua shimo lake litatoa nini baada ya miaka 3?

Hapo muulize tena: hiyo 5.400 ni hiari au lazima? Kama ni hiari, unaweza kurudisha gari na kuondoka. Lakini soma hali ya kuirudisha. Wengine wanaweka kipimo cha kilometa, na kila mkwaruzo unalipwa. Gari iliyofanya barabara ya Kasenyi miaka 3 haitarudi ikiwa nzuri.

Sasa jambo lililotuumiza zaidi: kuvunja kontra kabla ya wakati. Ukurasa wa 9 ulisema anayemaliza mapema analipa miezi yote iliyobaki, pamoja na malipo ya mwisho, na juu yake 5 %. Tukafanya mfano wa mwezi wa 14. Imebaki miezi 22: mara 460 ni 10.120. Ongeza 5.400, inafika 15.520. Ile 5 % ni 776. Jumla 16.296. Lakini deni la kweli siku hiyo, yaani pesa ya kampuni ambayo bado iko mkononi mwako, ni kama 11.616. Zile 4.680 zinazozidi ni faida ya miezi ambayo hutatumia pesa yao, na fini juu yake. Ukihesabu na 10.340 ulizokwisha kulipa, gari inakutoka dola 26.636. Kulipa mapema kunakugharimu zaidi ya kwenda mpaka mwisho!

Na msifikiri mstari huo ni wa mwenye pesa anayetaka kumaliza haraka. Kontra ilitumia hesabu ileile kama umeshindwa kulipa miezi miwili na gari imechukuliwa. Ilitumia ileile kama gari imeungua au imeibiwa. Sisi tuko Ituri, chini ya etadesieji tangu tarehe 6 Mei 2021. Bima nyingi haziguse hasara ya vita. Muulize kwa maandishi: gari ikichomwa njiani, nani analipa? Katika karatasi ile jibu lilikuwa: mpangaji. Yaani gari haiko tena, na deni la 16.296 linabaki nyumbani, na watoto.

Usiseme utakwenda kulia tribinali. Kodi sivili yetu, kitabu cha 3, artikle ya 33, inasema kontra iliyofanywa kisheria ni sheria kwa walioifanya. Saa ya kubishana ni kabla ya sini.

Wandugu wale wakarudi na maombi manne: tablo inayoonyesha deni la kweli mwezi kwa mwezi; kuondoa 5.400 ya mwisho. Kumaliza mapema kwa kulipa deni la kweli na 3 % tu. Na hasara ya vita isiwe juu yao peke yao. Kampuni ilikubali matatu ya kwanza, na malipo yakapanda mpaka 565. Kwa namna hiyo jumla ni 24.240, na ukitoka mwezi wa 14 unalipa kama 10.280, si 16.296. La nne ilikataa.

Mpaka leo hawajaweka sini. Yule mama anasema 565 wanaiweza kama samaki wanapanda vizuri, lakini hatalipa majivu ya gari. Wanatafuta kwanza bima inayokubali kuandika neno hilo.