Majani Yakolee, Ngozi Ibaki Ilivyo

Picha za arusi za ufukweni zina ugonjwa mmoja unaojulikana. Bahari inang'aa kwa rangi ya feruzi, minazi imekolea kijani hadi inapendeza macho, lakini bibi arusi amegeuka rangi ya karoti na bangili zake za dhahabu zinafanana na shaba iliyoshika kutu. Aliyehariri picha hakukusudia hayo. Alitaka maji na majani tu, akasukuma kitelezi kimoja kinachokoza rangi zote kwa pamoja, na uso ukasombwa humo humo.

Programu za kuhariri picha zina dawa ya jambo hili, nayo ni kugusa rangi moja moja badala ya zote. Katika Lightroom, kwenye simu na kwenye kompyuta, sehemu hiyo ina rangi nane: Red, Orange, Yellow, Green, Aqua, Blue, Purple na Magenta. Kila moja ina vitelezi vitatu. Hue huisogeza rangi kuelekea jirani yake, kwa mfano manjano kuelekea kijani. Saturation huikoza au kuipausha. Luminance huifanya iwe nyeupe zaidi au nzito zaidi. Mtu akiona orodha hiyo hudhani kazi imekwisha: maji ni Blue, majani ni Green, ngozi ina pake. Kwa maji, dhana hiyo inakaribia ukweli. Kwa majani, haiko karibu hata kidogo.

Sababu inaonekana rangi zinapopangwa kwenye duara la nyuzi 360. Nyekundu iko nyuzi 0, manjano 60, kijani 120, feruzi 180 na buluu 240. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi tititi au nyeupe, hupata rangi yake kutokana na melanini na damu, na kwa kawaida huangukia sehemu nyembamba kati ya nyekundu na manjano, kwenye nyuzi 15 hadi 35 hivi. Watu hutofautiana zaidi kwa mwangaza wa ngozi kuliko kwa mahali ngozi hiyo inapokaa kwenye duara. Maji ya kina kifupi juu ya mchanga mweupe wa matumbawe, kama yale ya Paje au Nungwi, hukaa karibu na nyuzi 180, kwa kuwa maji hunyonya mwanga mwekundu na mchanga hurudisha juu kijani na buluu zinazobaki. Kwa hiyo maji na ngozi wametazamana kutoka pande mbili za duara. Ni vigumu kumgusa mmoja na kumpata mwingine.

Majani ni jirani wa mlango wa pili. Klorofili hunyonya mwanga mwekundu na wa buluu, lakini haiumalizi wote, na jani lililopigwa na jua hurudisha nuru nyingi ya kijani chenye umanjano. Kamera huirekodi hivyo. Tuseme kompyuta inaonyesha kuwa jani la mnazi lina nyekundu asilimia 45, kijani 50 na buluu 15. Jicho linasema ni kijani, lakini hesabu inaliweka kwenye nyuzi 69, hatua chache tu kutoka manjano kamili. Ndiyo maana mtu husukuma kitelezi cha Green hadi mwisho na majani yakabaki kama yalivyo, isipokuwa yale ya kivulini. Rangi anayoitafuta imejificha kwenye Yellow. Humo ndimo pia inamokaa dhahabu, kanga ya manjano, na sehemu ya shavu iliyopigwa na jua.

Tuchukue picha moja tuifuate hatua kwa hatua. Ni saa nne asubuhi ufukweni. Bibi arusi mwenye ngozi ya maji ya kunde amesimama chini ya mnazi, bahari iko nyuma yake, na mumewe amevaa kanzu nyeupe. Kabla ya kugusa rangi yoyote, mhariri husawazisha weupe wa picha nzima, kwa sababu picha iliyoelemea buluu au manjano tangu mwanzo itampotosha katika kila uamuzi unaofuata. Kitambaa cheupe kilicho kwenye mwanga ule ule wa uso ndicho kipimo kizuri. Kitambaa kilichogusana na majani si kipimo, kwani kimeshachukua ukijani wao.

Kisha huandika namba za uso. Lightroom Classic ya kompyuta huonyesha asilimia za nyekundu, kijani na buluu chini ya chati ya mwangaza, pale kishale kinapopita juu ya picha. Tuseme kwenye shingo anasoma 55, 38 na 28, na kwenye shavu lenye jua 80, 66 na 48. Mpangilio huo ni wa afya: nyekundu juu, kijani katikati, buluu chini. Namba hizo ndizo mlinzi wake. Baada ya kila hatua atarudi pale pale kuzisoma, kwa kuwa jicho huzoea haraka na baada ya dakika kumi huona rangi ya karoti kuwa ya kawaida.

Maji yanatangulia kwa kuwa ni mepesi. Anapandisha Saturation ya Aqua hadi 20 na ya Blue hadi 10, kisha anashusha Luminance ya Aqua kidogo, kiasi cha 10, ili maji yapate uzito. Namba za shavu hazitikisiki. Lakini kuna sehemu mbili za kukaguliwa. Ngozi nyeusi yenye mafuta au jasho hung'aa kama kioo, na mng'ao wa paji la uso huwa ni taswira ya anga. Ukikoza buluu, doa hilo linakuwa buluu nalo. Sehemu ya pili ni mikunjo ya kanzu iliyo kivulini, ambayo huangazwa na anga tu, na sasa inaonekana kama imetiwa buluu ya kufulia. Katika picha hii kanzu ndiyo iliyoathirika. Mhariri hana haja ya kurudisha maji nyuma. Anachagua kanzu peke yake kwa brashi na kupunguza ukolevu ndani ya eneo hilo.

Majani yanataka subira. Kwanza anajaribu Green, ambayo ni salama kwa uso: anasogeza Hue hadi 10 kuelekea feruzi na kushusha Luminance hadi kasoro 15. Hapa kuna siri ambayo wengi huikosa. Majani huonekana yamekolea zaidi yanaposhushwa mwangaza kuliko yanapoongezewa rangi. Ukipandisha Saturation peke yake, majani hupata kijani cha plastiki. Ukishusha Luminance, yanapata kina.

Majani ya juu yenye jua bado hayajabadilika. Akijaribu kusogeza Hue ya Yellow kuelekea kijani kwa picha nzima, minazi inapendeza papo hapo, lakini namba za shavu zinakuwa 80, 69 na 48. Kijani kimepanda na kuikaribia nyekundu. Kwa macho, shavu limepata uzaituni wa mtu aliyeugua, na bangili zimekuwa za shaba. Shingo iliyo kivulini haikubadilika, maana yenyewe imo zaidi kwenye Orange. Tofauti hiyo, shavu la rangi moja na shingo ya rangi nyingine, ndiyo alama ya wazi kwamba manjano imevuja.

Anarudisha Yellow kwenye sifuri na kufanya kazi hiyo ndani ya maski, yaani eneo lililochaguliwa ambalo mabadiliko hayatoki nje yake. Chombo cha Color Range humruhusu kugusa jani moja lenye jua, na programu ikachagua kila kitu chenye rangi hiyo. Kwa kawaida huchagua pia bangili na kipande cha shavu, kwa sababu zile zile za duara. Basi hupitisha brashi ya Subtract juu ya watu wawili, akiwatoa kabisa kwenye maski. Ndani ya eneo lililobaki husogeza Hue kidogo kuelekea kijani, hupandisha Saturation hadi 10 na kushusha mwangaza kwa sehemu ndogo. Anasoma tena shavu: 80, 66, 48. Picha imekubali.

Wanaotumia GIMP, ambayo ni ya bure, wana sababu zaidi ya kutegemea maeneo yaliyochaguliwa. Sehemu yake ya Hue-Saturation ina rangi sita tu, na Orange haimo. Ngozi inagawanyika: ya kivulini inaingia kwenye nyekundu, na iliyopigwa na jua inaangukia kwenye manjano pamoja na majani. Huko, kumzungushia mtu mpaka na kumtoa kabla ya kugusa manjano ni sharti.

Jambo moja haliponi kwa njia hizi. Mtu aliyesimama karibu sana na majani huchukua mwanga wao, hasa chini ya kidevu na pembeni mwa shingo. Ukijani huo uko kwenye ngozi kweli, kamera haikukosea, na kila hatua ya kukoza kijani huuongeza. Hapo hufanywa kinyume: eneo la kidevu huchaguliwa kwa brashi laini, na kitelezi cha Tint husogezwa kidogo kuelekea magenta, ambayo ndiyo rangi iliyotazamana na kijani, hadi namba za hapo zirudi kwenye mpangilio wa shingo.

Faili nayo ina mipaka yake. Kamera nyingi na simu huhifadhi picha kama JPEG, na mara nyingi aina hiyo huweka taarifa za rangi kwa undani mdogo kuliko taarifa za mwangaza: pikseli nne za jirani zinaweza kugawana rangi moja. Mhariri akisukuma rangi kwa nguvu, mpaka kati ya nywele na majani hutoa utepe mwembamba wa kijani au kijivu, na anga laini hupasuka kuwa ngazi ngazi. Faili ghafi ya kamera huvumilia zaidi. Kwa JPEG, kuzidi 20 au 25 kwenye kitelezi chochote ni kuanza kukaribisha matatizo, na ukaguzi ufanywe picha ikiwa imekuzwa kwa asilimia 100 kwenye mpaka wa bega na majani.

Kwa picha inayokwenda kuchapishwa kuna hatua moja zaidi. Wino kwenye karatasi hauwezi kufikia feruzi yote inayoonekana kwenye skrini, na mashine hulazimika kuibana rangi iliyozidi, hivyo mawimbi yaliyotofautiana huungana kuwa bamba moja. Ngozi, kwa kuwa haikukozwa, hupita karibu bila hasara. Studio nyingi huomba faili ya sRGB. Kabla ya kuagiza albamu nzima, hukatwa kipande kidogo chenye shavu, jani na maji pamoja, kikachapishwa kwanza na kutazamwa mchana karibu na dirisha. Maji yakionekana bapa, Saturation ya Aqua hupunguzwa kutoka 20 hadi 12 au 10, na sehemu nyingine za picha huachwa kama zilivyo.