Ukurasa wa 14 unagawanya kwa tano, wa 27 kwa nne

"Shikamoo Dokta. Samahani kwa usumbufu. Sijaelewa topiki ya mtawanyiko kwenye notisi. Naomba unisaidie." Barua pepe ya namna hii humfikia kila mhadhiri wa takwimu, hasa wiki moja kabla ya jaribio. Heshima imo, shida imo, na aliyeiandika huenda amekesha na daftari. Lakini anayeisoma hana pa kushika. Topiki nzima ina wastani, masafa, varianzi, mkengeuko sanifu na mifano kadhaa, naye hajui mwanafunzi amekwama wapi. Kujibu kwa haki ingebidi afundishe upya muhadhara wa saa mbili kwa maandishi. Hawezi, kwa hiyo hujibu "pitia tena notisi", au huiacha barua izikwe chini ya nyingine.

Naamini kwamba kazi kubwa ya barua hii hufanyika kabla haijaandikwa, pale mwanafunzi anapoitafuta sentensi au namba yenyewe iliyomchanganya. Nitaeleza kwa mfano wa utata mmoja unaowasumbua wanafunzi wa takwimu mwaka hadi mwaka.

Varianzi ni kipimo cha namna namba zilivyotawanyika kuuzunguka wastani wake. Unatafuta wastani, unaona kila namba iko mbali nao kiasi gani, unazidisha kila tofauti kwa yenyewe, unajumlisha, kisha unagawanya. Utata uko kwenye kugawanya. Tuseme notisi, ukurasa wa 14, zinasema gawanya kwa n, yaani idadi ya namba ulizonazo. Ukurasa wa 27 una mfano wa wakulima watano waliochaguliwa katika kata, waliovuna magunia 4, 6, 7, 9 na 14 ya mahindi. Mwisho wa mfano pameandikwa varianzi ni 14.5, bila hatua za katikati.

Mwanafunzi anakokotoa. Wastani ni 8. Tofauti ni −4, −2, −1, 1 na 6. Miraba yake ni 16, 4, 1, 1 na 36. Jumla ni 58. Anagawanya kwa 5 na kupata 11.6. Anarudia, anapata 11.6 tena. Hapa ndipo wengi huandika "sijaelewa topiki", ilhali wameielewa yote isipokuwa hatua moja.

Iko hatua ndogo ambayo ingemwokoa: kulifuata jibu la notisi kinyumenyume. Chukua 58, gawanya kwa 14.5. Unapata 4 kamili. Mambo mawili yanajulikana papo hapo. Jumla yake ya 58 ni sahihi, na mwandishi wa notisi aligawanya kwa 4 badala ya 5. Kama angepata 3.7 au 4.2, angejua tatizo liko kwingine, pengine namba moja imenakiliwa vibaya. Kikokotoo nacho kingemthibitishia, kwa sababu Casio nyingi za wanafunzi zina mikengeuko sanifu miwili iliyokaa jirani, `σx` na `sx`. Kwa magunia haya ya kwanza ni takriban 3.41 na ya pili 3.81. Ukizidisha kila moja kwa yenyewe unarudi karibu na 11.6 na 14.5.

Sasa ana swali la kweli, na barua inakuwa fupi:

> Mada: Takwimu mwaka wa 1: kigawanyo cha varianzi, notisi uk. 14 na uk. 27
>
> Shikamoo Dokta,
>
> Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Shahada ya Kilimo, kundi B la somo lako la Takwimu.
>
> Katika notisi za Topiki ya 3, kanuni ya varianzi ukurasa wa 14 inagawanya kwa n. Mfano wa wakulima watano ukurasa wa 27 (magunia 4, 6, 7, 9, 14) una jibu 14.5.
>
> Nimekokotoa hivi: wastani 8; jumla ya miraba ya tofauti 58; 58/5 = 11.6. Jibu la 14.5 nalipata nikigawanya kwa 4, yaani n − 1.
>
> Naomba kufafanuliwa: je, ukurasa wa 27 unatumia kanuni nyingine kwa kuwa wakulima hawa ni sampuli, au kuna kosa la uchapaji? Kama kanuni ni mbili, nitaitambuaje inayotakiwa kwenye swali?
>
> Natanguliza shukrani.
>
> (Jina kamili, namba ya usajili)

Salamu ni ileile ya barua ya kwanza, na inastahili kubaki. Kinachoibadilisha barua hii ni kwamba mhadhiri anaweza kuijibu akiwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Mada inamwambia somo na kurasa kabla hajaifungua. Namba zenyewe zimeandikwa, hivyo halazimiki kutafuta faili, jambo muhimu kuliko linavyoonekana: notisi hurekebishwa kila mwaka, na ukurasa wa 27 wa toleo lake huenda si ule alio nao mwanafunzi aliyenakili kwa kaka yake wa mwaka uliopita. Picha ya ukurasa inafaa kuambatishwa, mradi barua isomeke bila hiyo, kwa kuwa picha nyingi hufika zimelala ubavu au zina kivuli cha mkono juu ya kanuni.

Mstari wa "nimekokotoa hivi" ndio ninaoupenda zaidi. Mwanafunzi anaonyesha njia yake mpaka pale inapoachana na ya notisi. Angekuwa amekosea wastani, mhadhiri angeliona kosa mara moja na kulisahihisha kwa maneno matatu. Bila mstari huo, mhadhiri anakisia.

Kuna pia namna ya kuuliza. Barua haikusema "notisi zako zina makosa", wala haikujilaumu kwamba "mimi ni mzito wa kuelewa". Imeweka uwezekano wa aina mbili mezani na kumwachia mwenye notisi aseme. Hiyo ni adabu, na vilevile ni usahihi, kwa maana mwanafunzi kwa kweli hajui lipi ni lipi. Anayelalamikia kosa ambalo si kosa huanza mazungumzo vibaya, na anayejilaumu tu huliacha kosa la uchapaji likae kwenye notisi miaka mingine mitano.

Jibu la mhadhiri ni kwamba kanuni zote mbili ni sahihi, ila kila moja ina mahali pake. Ukiwa na namba za watu wote unaowazungumzia, tuseme kata ina wakulima watano tu na wote umewapima, unagawanya kwa n. Ukiwa na sampuli, na unataka kukisia varianzi ya kata nzima, unagawanya kwa n − 1. Mfano wa ukurasa wa 27 unasema wakulima "waliochaguliwa katika kata", na neno hilo ndilo linaloamua. Ukurasa wa 14 ulipaswa kusema wazi kwamba kanuni yake ni ya watu wote.

Mwanafunzi makini hatatosheka hapo. Atataka kujua kwa nini moja ipunguzwe. Sababu ni kwamba wastani wa sampuli umetokana na namba zilezile unazozipima, hivyo umekaa karibu nazo kuliko wastani wa kata. Tuseme wastani wa kweli wa kata ni magunia 9. Tofauti za wakulima wetu kutoka 9 ni −5, −3, −2, 0 na 5, na jumla ya miraba yake ni 63. Kutoka 8 tulipata 58. Chagua namba yoyote nyingine isiyo 8 na jumla itazidi 58. Kwa hiyo sampuli huonyesha mtawanyiko mdogo kuliko ulivyo, na kugawanya kwa namba iliyo ndogo kidogo hurudisha kilichopunjwa. Marekebisho haya huitwa kwa jina la Friedrich Bessel, mwanaastronomia na mwanahisabati Mjerumani aliyefariki mwaka 1846.

Lakini kwa nini moja, si mbili au nusu? Jaribio lifuatalo linatosha karatasi moja. Chukua kundi la namba tatu tu: 2, 4 na 6. Wastani wake ni 4 na varianzi yake, ukigawanya kwa 3, ni 8/3, karibu 2.67. Sasa chota sampuli za namba mbilimbili, ukirudisha namba ya kwanza kabla ya kuchota ya pili. Zinapatikana sampuli tisa. Tatu zina namba zinazofanana, kama 2 na 2, na jumla ya miraba yake ni sifuri. Nne zina namba jirani, 2 na 4 au 4 na 6, kila moja ikiwa na jumla ya 2. Mbili zina 2 na 6, kila moja na jumla ya 8. Zote tisa kwa pamoja zinafika 24. Ukigawanya kila sampuli kwa n, yaani 2, wastani wa majibu tisa ni 12/9, karibu 1.33, ambayo ni nusu tu ya ukweli. Ukigawanya kwa n − 1, yaani 1, wastani ni 24/9, sawasawa na 8/3.

Tahadhari moja iandikwe pembeni ya daftari. Marekebisho haya yanapatia kwa wastani wa sampuli zote, hayafanyi kila sampuli ipatie. Katika tisa zile, tatu bado zinatoa sifuri na mbili zinatoa 8. Tena tofauti ya kanuni hizi hufifia sampuli ikikua: kwa wakulima watano, 14.5 imezidi 11.6 kwa robo nzima. Kwa wakulima 100 ingezidi kwa takriban asilimia moja.

Si kila mkwamo unafaa barua. Mwanafunzi akitafuta sentensi iliyomchanganya na kugundua kwamba kila sentensi inamchanganya, kuanzia wastani, huyo aende saa za ushauri akiwa na daftari, au akae na wenzake kwanza, maana anahitaji mtu wa kumwona anavyokokotoa. Barua pepe inafaa ufa mmoja wenye kingo zinazoonekana. Ukiwa na fa mbili zisizohusiana, andika barua mbili, kwa sababu ya pili ikifuata chini ya ya kwanza mara nyingi hurudi bila jibu.

Na jibu likifika, lipimwe siku hiyohiyo. Tafuta swali katika mitihani iliyopita linalotaja mtawanyiko, usikokotoe kwanza. Soma tu na useme kama ni watu wote au sampuli. "Alama za wanafunzi wote 40 wa darasa" ni n. "Mifuko 12 iliyochukuliwa kutoka ghalani" ni n − 1, ikiwa swali linataka kukisia ghala zima. Ukikuta swali lisilosema, hilo ndilo la kumwandikia tena mhadhiri, ukitaja mwaka wa mtihani na namba ya swali. Mjulishe pia mmoja wa wenzako aliye na notisi zilezile, aandike "watu wote" pembeni ya kanuni ya ukurasa wa 14, wakati mhadhiri anaandaa toleo lililorekebishwa.